Robiya opa na Upande wa Kushoto

Robiya opa, yaani dada Robiya kwa lugha yetu, aliandika kwa mkono wa kushoto, na kila aliyemfahamu alikuwa na la kusema juu ya mkono huo. Walimu wake wa utotoni kule Urgut waliufunga kwa leso, nao ukajifungua. Mama mkwe wake alilalamika kwamba mwanamke anayemimina chai kwa kushoto anamwaga baraka ya nyumba. Baba yake, mkulima wa tumbaku, ndiye pekee aliyemtetea. Alisema jani la tumbaku halijali limetungwa kwa mkono gani, mradi limetungwa likakauka.

Nilikaa naye ofisi moja ya chuo kikuu miaka mingi, meza yangu dirishani na yake karibu na birika. Mimi nafundisha kalkulasi, somo la watu wenye akili timamu. Yeye alifundisha aljebra. Nilikuwa nikimtania kwamba somo lake ni la watu wasiokuwa na namba, kwa maana ubao wake ulijaa herufi tupu, na tarakimu moja ukiitafuta kwa tochi huioni. Alicheka, akanisogezea kipande cha mkate, akaendelea kusahihisha.

Ubao wake ulikuwa na desturi moja. Kabla ya somo alichora sanduku pembeni, juu yake akaandika: TULICHOPEWA. Humo aliweka yale tu ambayo darasa limekubaliana kuyaamini. Kila mstari aliouandika baada ya hapo, mwanafunzi yeyote alikuwa na haki ya kuuliza, "Kwa ruhusa ya nani?" Anayeulizwa lazima aoneshe kidole kwenye sanduku, au kwenye mstari uliokwisha kuthibitishwa. Akikosa pa kuonesha, mstari unafutwa. Yeye aliuita mstari wa namna hiyo mali ya wizi.

"Wizi mkubwa kwenye hesabu," aliwaambia, "ni kutumia kitu ambacho bado unakitafuta. Ni kama kumkaanga kuku aliye bado ndani ya yai."

Basi mwaka ule saa za kufundisha zilipunguzwa, na idara yetu ikaonekana ina mwalimu mmoja wa ziada. Mkataba wa Robiya opa ndio uliokuwa unaisha. Mkuu wa idara, Hamroqul aka, yaani kaka Hamroqul, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka: tai imenyooka, ratiba imenyooka, wanafunzi wameketi wamenyooka. Darasa la Robiya opa lilimuumiza kichwa kwa makelele. Akatangaza kwamba Robiya opa atafundisha somo la wazi mbele ya kamati ya watu watatu: yeye mwenyewe, mimi, na mgeni kutoka Tashkent aitwaye Klara Asadovna. Wawili wakikataa, anafungasha.

Somo la wazi kila mtu anajua linavyopikwa. Wiki nzima kabla yake unalifundisha somo lilelile. Unampa huyu swali na yule jibu, mwenye sauti nzuri unamweka mbele, mwenye kigugumizi unamshauri augue siku hiyo. Wageni wanakuja, wanakaa nyuma, wanaona mikono yote juu, wanasifu, wanakula pilau. Hata mimi nimelipika, tena mara nyingi, na sioni haya.

Nikamfuata kwenye birika. "Robiya opa, umeshawafanyisha mazoezi?"

"Mazoezi ya nini?"

"Ya somo la wazi, mwanamke wee! Usijifanye mgeni."

"Zamira, nikishawaambia jibu, watatafuta nini?"

"Hakuna anayetaka watafute. Watu wanataka wapate!"

Akamimina chai kwa mkono wake uleule, akanipa. "Nitafundisha kundi la kialjebra," akasema. "Upande mmoja tu. Uone kama haupendezi."

Nilimkasirikia sana. Urgut alikuwa amebakiwa na mama mgonjwa na nyumba inayovuja, na mshahara wake ndio uliokuwa dawa na bati. Mtu aliye katika maji ya shingo haogelei kwa madaha.

Siku ikafika. Baridi ilikuwa kali na mabomba ya joto yalikuwa baridi kuliko sisi, tukakaa na makoti. Klara Asadovna, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alikaa katikati, Hamroqul aka kulia kwake na mimi kushoto. Mezani kwa mwalimu palikuwa na maua ya plastiki ambayo Hamroqul aka aliyaleta mwenyewe. Wanafunzi walisimama, wakaketi, na nyuso zao zilionesha wazi kwamba hawajui hata kidogo kitakachotokea.

Robiya opa akachora sanduku lake.

"Tuna seti," akasema, "na njia ya kuunganisha wawili wake tukapata mmoja, naye ni wa humohumo. Ninyi mmezoea kundi, yaani seti ya namna hii ambayo sheria zake zinafanya kazi pande zote mbili, kushoto na kulia. Leo mimi ni mchoyo. Nawapa mambo matatu tu."

Akaandika ndani ya sanduku. La kwanza: mabano yanasogezwa, yaani *(xy)z* ni sawa na *x(yz)*. La pili: yumo mmoja aitwaye *e*, ambaye akikaa kushoto mwa yeyote hambadilishi, yaani *ea = a*. Huyo *e* alimwita mpole. La tatu: kila mmoja ana kinyume chake cha kushoto. Ukiwa na *a*, yumo *m* ambaye akikaa kushoto mwake wanazaa mpole: *ma = e*.

"Mpole akikaa kulia je?" akauliza. "Sanduku linasema nini?"

"Halisemi kitu," darasa likajibu.

"Na kinyume akikaa kulia?"

"Halisemi!"

"Je, nikibadilisha nafasi, *am* badala ya *ma*?"

"Hairuhusiwi, ustoz!" wakamjibu mwalimu wao.

"Basi kazi yetu ni hiyo. Tumepewa kushoto tu. Nadai kwamba kulia kutakuja kwenyewe. *am* nayo itakuwa *e*, na *ae* itakuwa *a*. Tuone kama nasema kweli au napiga porojo."

Nilimwona Klara Asadovna akijisogeza mbele kidogo. Robiya opa akageukia ubao, akaikandamiza chaki mno. Chaki ikakatika. Akaokota kipande, akaanza kuandika haraka kama mtu anayesoma kwa moyo:

*m(am) = (ma)m = em = m = me*

"Sasa," akasema, "huku mwanzo tuna *m* kushoto mwa *am*, na huku mwisho tuna *m* kushoto mwa *e*. Kinyume cha kushoto cha *m* kinaifuta *m* pande zote mbili, nasi tunabaki na *am = e*. Tumemaliza nusu ya kwanza."

Hamroqul aka akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nikashusha pumzi. Ilikuwa fupi, safi, na mikono yote ilikuwa chini ikinakili. Kisha kutoka safu ya tatu ukainuka mkono mmoja. Alikuwa Sanobar, binti mwembamba mwenye skafu ya sufu, ambaye kwangu kwenye kalkulasi alikuwa hafungui kinywa hata kwa kupiga miayo.

"Ustoz," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "hapo mwisho. *m* ni sawa na *me*. Kwa ruhusa ya nani?"

Kwetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya wageni. Hamroqul aka aligeuka mzima mzima na kiti chake kumtazama yule binti, na nikajua kwamba akitoka hapo atamwita ofisini. Nilitamani Robiya opa aseme neno lolote la kupita, aseme tutalifafanua baadaye, avuke mto.

Yeye alikuwa ameusogelea ubao hadi pua inakaribia kugusa chaki. Akatazama mstari. Akatazama sanduku. Akatazama mstari tena.

"Mali ya wizi," akasema taratibu. "Mpole nimemkalisha kulia, na kulia bado hatujaruhusiwa. Nimeiba kitu kilekile ninachokitafuta." Akageuka, na uso wake ulikuwa umewiva kwa aibu, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Ahsante, Sanobar. Futa. Hapana, wewe mwenyewe, njoo ufute."

Sanobar akaja, akaifuta *me*. Ubaoni ikabaki *m(am) = m*, ikining'inia bila kichwa.

"Haya, mwizi amekamatwa," Robiya opa akasema. "Sasa tule kwa jasho letu. Tuna nini?"

Makelele yakaanza, yaleyale yanayomuumiza kichwa Hamroqul aka. Mmoja akasema turudi mwanzo. Mwingine akasema nadharia yenyewe huenda si kweli. Kijana mmoja mwenye mabega ya mpiga mieleka akanguruma kutoka nyuma, "Kila mmoja ana kinyume, ustoz. *m* naye ni mmoja wao!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naye ana wa kwake. Tumwite *n*. *nm* ni *e*."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya jambo la tatu!" darasa zima likajibu, na vidole vikaelekea sandukuni.

"Basi ianze *am*," Robiya opa akasema, "mkalisheni mpole kushoto mwake, huko anaruhusiwa. Halafu mvueni joho la upole, muone ndani kuna nani."

Wakaijenga pamoja, kila hatua ikipigiwa kelele ya ruhusa. *am* ni *e(am)*, jambo la pili. Huyo *e* ni *nm*, kwa hiyo tuna *(nm)(am)*. Mabano yakasogezwa, jambo la kwanza, ikawa *n((ma)m)*. Hapo ndani *ma* ni *e*, ikabaki *n(em)*. Mpole yuko kushoto, anaondoka: *nm*. Na *nm* ni *e*.

"*am* ni *e*!" mpiga mieleka akapiga dawati, kisha akakumbuka wageni, akalificha konde lake chini ya dawati.

Nusu ya pili iliwachukua muda mfupi kuliko kuisimulia. *ae* ni *a(ma)*, mabano yakasogea ikawa *(am)a*, na *am* ndiyo kwanza imekuwa *e* kihalali, basi *ea*, basi *a*. Upande wa kulia ulikuwa umekuja wenyewe, wote. Nimefundisha vyuo vikuu nusu ya umri wangu, na nakiri nilisisimka. Kumbe kinyume naye alikuwa na kinyume chake, na kila kitu kilitoka humo.

Ilibaki kitambo kidogo kengele ilie. Robiya opa angeweza kufunga hapo akala pilau yake. Sanobar akainua mkono tena. Hamroqul aka akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Ustoz, na kama ungetupa mpole wa kushoto, lakini kinyume cha kulia? Yaani *am* ni *e*, siyo *ma*. Bado lingekuwa kundi?"

Robiya opa akarudi ubaoni. Akapitisha kidole kwenye mambo matatu ya sandukuni.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuwachanganya hivyo. Tuone."

Kengele ikalia hapohapo. Wanafunzi hawakuinuka.

Tulikwenda kwenye chumba cha idara kuamua. Chai ilikuwa tayari, na mkate, na zabibu kavu. Robiya opa aliketi pembeni na mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Hamroqul aka hakungoja hata chai ipoe.

"Mimi nasema wazi," akaanza. "Namheshimu Robiya opa. Lakini mwalimu amekosea ubaoni, amesahihishwa na mtoto, na mwisho ametamka neno 'sijui' mbele ya kamati. Neno hilo! Mwalimu anayejiandaa hakosi jibu. Mimi siwezi kukubali. Zamira opa?"

"Nakubali abaki," nikasema. "Kosa kalifuta mbele yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye kauziba palepale."

Tukamgeukia Klara Asadovna. Hakutusikia. Alikuwa amevua miwani na anaandika kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi iliyokuwa imefunga zabibu.

"Klara Asadovna," Hamroqul aka akamwita kwa adabu, "sauti yako ndiyo inayongojwa."

"Ngoja," akajibu. "Nimejaribu kufuata njia ileile, inakataa. *n* hayupo mahali ninapomtaka. Mpole kushoto, kinyume kulia... Wewe unafikiri ni kundi?"

"Hilo si swali la kamati."

"Najua si la kamati. Mwaka huu nimekaa kwenye masomo ya wazi mengi mpaka mgongo umeota kutu, na kila mara jibu nilikuwa nalijua kabla ya swali. Hili silijui, na linaniwasha. Wewe ni mkuu wa idara ya hesabu. Ni kundi au si kundi?"

Hamroqul aka alikuwa mtu wa milinganyo ya mtiririko wa joto, na aljebra aliiacha ujanani. Lakini ukimwambia mwanahesabu "hujui", umemkanyaga mkia. Akavuta karatasi. "Bila shaka ni kundi," akasema. Akaandika, akakata. Akaandika, akakata tena. Tai ikalegea. Mimi nilikuwa naandika kwenye kiganja changu. Robiya opa peke yake hakuandika. Alinyanyuka akatujazia chai, na nilimtazama usoni, wala sikuona kitu.

Ghafla Hamroqul aka akapiga meza, vikombe vikaruka.

"Si kundi! Si kundi kabisa! Ni nyumbani kwangu!"

Tukamtazama.

"Nyumbani kwangu anayesema mwisho ndiye anayeshinda!" Alikuwa amesimama, mikono hewani, amekuwa kijana. "*xy* ni *y*. Daima! Yeyote akikaa kushoto habadili kitu, kwa hiyo yeyote anafaa kuwa mpole. Chagua mmoja, mwite *e*. Kinyume cha kulia cha *a*? Ni *e* mwenyewe, maana *ae* ni *e*! Sharti zote zimetimia, lakini mpole akikaa kulia anammeza *a*. Wakiwa wawili tu, basi, kundi limekufa! Wanafunzi wako wapi? Wameondoka?"

Akatoka mbio. Sijawahi kumwona Hamroqul aka akikimbia, kabla ya siku ile wala baadaye. Tukamfuata, Klara Asadovna na kikombe chake mkononi.

Wanafunzi walikuwepo, wamejaa ubaoni kama nyuki. Hamroqul aka akawapasua katikati, akachukua chaki, akaandika mfano wake kwa mwandiko ulionyooka, akaueleza kila kitu mpaka pale mke wake anaposhinda, na darasa likacheka kwa mara ya kwanza mbele yake. Akageuka akitabasamu, anangoja makofi.

Sanobar alikuwa amesimama karibu na sanduku. Aliijua vizuri hasira ya mkuu wa idara.

"Hamroqul aka, samahani," akasema. "Mabano kusogezwa. Jambo la kwanza. Kwenye mfano wako, kwa ruhusa ya nani?"

Hamroqul aka akatazama ubao. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Kisha akamtazama Robiya opa aliyekuwa mlangoni, amekumbatia koti lake.

"Sikuthibitisha," Hamroqul aka akasema. Akageukia ubao. "*(xy)z*. Anayesema mwisho ni *z*, jibu ni *z*. *x(yz)*. Ndani ya mabano *z* anashinda, nje ya mabano anashinda tena. *z*. Zinalingana." Akamgeukia Sanobar. "Sasa?"

"Sasa inaruhusiwa," Sanobar akasema.

Hamroqul aka akaweka chaki, akapangusa vidole kimoja kimoja kwa leso, akakaza tai yake. Alimtazama yule binti, akalitazama sanduku, na nadhani ndipo alipokumbuka alichokuwa amekisema wakati wa chai.

"Klara Asadovna," akasema bila kugeuka, "nilisema nakataa. Futa."

Robiya opa akalia palepale mlangoni, bila kujificha, akijifuta machozi kwa mkono wa kushoto. Alibaki nasi hadi alipostaafu. Bati la Urgut liliezekwa kabla ya masika, na mama yake akalala pakavu.

Mwaka wake wa mwisho nilimuuliza kwenye birika: siku ile, swali la Sanobar, kweli alikuwa hajui jibu? Mtu aliyefundisha aljebra maisha yake yote?

Akanimiminia chai, akanipa. "Mstari wa wizi niliuandika kwa woga, Zamira. Huo ulikuwa wa kweli, na mpaka leo nauonea haya."

"Nimekuuliza la pili."

"Kunywa," akasema. "Inapoa."